Droo Ilikuwa na Dola Elfu Thelathini

Alhamisi tarehe 23 Januari 2025 niliamka alfajiri, adhana ikiwa haijaisha, nikapapasa simu chini ya mto. Usiku nilipolala pochi yangu ya mtandaoni ilikuwa inasoma dola 2,000. Sasa ilisoma 222. Nikadhani mtandao unasumbua. Nikazima simu, nikaiwasha tena, nikatoka hadi uani ambako mtandao hushika vizuri. Ilikuwa bado 222. Nikabonyeza kuuza huku kidole kinatetemeka, na kilichoingia kikawa dola 217. Mke wangu alikuwa ndani anawasha jiko la mkaa kwa ajili ya chapati za kwenda kuuza stendi. Nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa mpaka kukapambazuka, sikumwambia kitu.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, Morogoro, nina kibanda karibu na stendi ya Msamvu. Naeleza hili mapema kwa sababu kazi hii ndiyo iliyonipa pesa ya kupoteza, na baadaye ndiyo iliyonifundisha nilichopoteza kilikuwa nini. Mtaji wangu wote ulikuwa shilingi milioni 4. Kati ya hizo nilichomoa milioni 2 na nusu, wakati ule sawa na kama dola 1,000. Milioni 1 na laki 2 ilikuwa floti yangu mwenyewe. Milioni 1 na laki 3 alinikopesha kaka yangu mkubwa ili nipanue kibanda niweke na mashine ya kudurufu.

Mambo yalianza wikiendi moja kabla. Usiku wa Ijumaa tarehe 17 Januari kwa saa za Marekani, kwetu ikiwa ni alfajiri ya Jumamosi, Donald Trump, akiwa amebakiza siku tatu kuapishwa, alitangaza kwenye kurasa zake sarafu yenye jina lake. Hizi ndizo sarafu ambazo vijana wanaziita mimkoini: tokeni zinazozaliwa na mzaha, picha au jina la mtu maarufu, hazina biashara nyuma yake, hazina gawio, hazina bidhaa. Kufikia Jumapili bei ya ile ya TRUMP ilikuwa imepita dola 70. Kwenye grupu la Telegram nililokuwamo watu walikuwa wakituma picha za faida zao usiku kucha. Mimi nilikuwa nimelala wakati wao wanaingia, na wazo hilo likanikaa kifuani kama mwiba.

Kitu ambacho hatukukiangalia siku ile kilikuwa wazi kwenye maelezo ya sarafu yenyewe. Jumla ya tokeni ilikuwa bilioni 1, na kati ya hizo asilimia 80 zilikuwa mikononi mwa kampuni mbili zilizofungamana na Trump mwenyewe, zikitarajiwa kufunguliwa kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Jumapili ileile mkewe akatangaza ya kwake, na ya mume ikaanguka papo hapo, kwa sababu macho na pesa vilihama kutoka moja kwenda nyingine. Kufikia Aprili ile ya TRUMP ilikuwa chini ya dola 10. Lakini wikiendi ile nilichoona mimi ni mshumaa wa kijani tu, mrefu kama nguzo ya umeme.

Jumanne admini wa grupu akaleta "yetu". Sitaitaja jina, ilikuwa na picha ya mbuzi aliyevaa kofia. Ilitengenezwa kupitia pump.fun, jukwaa lililoanza Januari 2024 kwenye mtandao wa Solana, ambako mtu yeyote anaweka picha na jina, analipa kiasi kidogo sana, na ndani ya dakika chache ana sarafu yake yenye tokeni bilioni 1. Makumi ya maelfu ya sarafu zilikuwa zikizaliwa hivyo kwa siku moja wakati ule. Zinazopata wanunuzi wa kutosha kuhitimu hatua ya kwanza na kuingia kwenye soko la wazi zilikuwa takriban moja kati ya mia. Ya mbuzi ilikuwa imehitimu, na hilo tu lilitufanya tuione kama mtoto aliyefaulu darasa la saba.

Sikuingia kichwakichwa, au ndivyo nilivyojiambia. Niliangalia kama ukwasi wake umechomwa, maana nilishasikia habari za waanzilishi wanaobeba pesa za soko na kutoweka. Ulikuwa umechomwa. Nikaangalia orodha ya wenye tokeni nyingi: hakuna pochi iliyozidi asilimia 2. Basi nikanunua USDT kwa mtu, nikamtumia shilingi kwenye simu, nikabadilisha kuwa SOL, nikaingia kwenye mbuzi kwa dola 1,000 nzima. Nikapata tokeni milioni 10. Sekunde ileile chati ikapanda karibu asilimia 10, mshumaa wa kijani ukasimama, nami nikaandika kwenye grupu: "Tumeanza!" Ilinichukua miezi kuelewa kwamba mshumaa ule ulikuwa pesa yangu mwenyewe.

Jumatano nilikuwa mtu mwingine. Kila mteja aliyekuja kutoa pesa namhudumia jicho moja liko kwenye simu nyingine. Admini alitupa kazi: kila mtu atume picha ya mbuzi kwenye kurasa kumi za X, kila mtu aweke video TikTok, kila mtu amlete rafiki. Nilileta wawili. Mmoja ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyeweka laki moja na nusu. Kufika usiku dola zangu 1,000 zilikuwa 2,000, na nikalala nikiwa nimeshakinunua moyoni mwangu kiwanja cha kujenga.

Alfajiri ile, baada ya kuuza, niliingia kwenye grupu. Halikuwa limefungwa. Watu walikuwa wanaandika na hakuna anayejibu. Admini alikuja saa nne asubuhi na sarafu nyingine, ya chura.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, maana la kwanza nililifanya kwa kutojua. Dola 217 zilizobaki nilizigawa kwenye sarafu nne tofauti ili "nirudishe". Tatu ziliisha ndani ya siku mbili. Ya nne ilikubali kununuliwa ikakataa kuuzwa, kwa sababu aliyeitengeneza alijibakizia mamlaka ya kugandisha tokeni zilizo kwenye pochi za watu. Bei ikawa inapanda kila saa, kwa kuwa mlango wa kutokea haukuwapo, nami nikaitazama ikipanda kama mtu anayetazama mali yake kupitia dirisha la nondo. Wiki moja baadaye mtu akanifuata faraghani akidai yeye ni mtaalamu wa kurudisha fedha zilizoibwa, anataka dola 200 za awali. Hapo nilinusurika kwa sababu moja tu: sikuwa nazo.

Mke wangu alijua kabla sijamwambia. Aliona wateja wanarudi mikono mitupu. Mtu anataka kuweka laki tano, mimi floti sina, namwelekeza kwa wakala wa pili. Jioni moja akafunga kibanda mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Baba watoto, floti iko wapi?"

Nikamweleza yote, pamoja na laki na nusu ya mdogo wake. Alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Hiyo elfu mbili uliyoiona kwenye simu, ilikuwa imewekwa wapi?"

Niliondoka na swali hilo. Kibanda kikiwa hakina kazi, nilikuwa na saa nyingi za kulifanyia hesabu, na jibu nikalipata kwenye droo yangu mwenyewe.

Wakala anakaa na vitu viwili: pesa taslimu kwenye droo na floti kwenye simu. Anayeweka ananiachia taslimu anachukua floti, na anayetoa ananiachia floti anachukua taslimu. Mtaa mzima unaonizunguka unaweza kuwa na salio la milioni 100 kwenye simu zao, lakini kama droo yangu ina laki 8, mimi naweza kulipa laki 8. Soko la mimkoini ni wakala wa namna hiyo asiye na mtu ndani. Lina droo mbili, moja ya tokeni na nyingine ya SOL, ambayo hapa nitaihesabu kwa dola. Tofauti na mimi, halina kiwango cha kudumu wala halina mahali pa kuagiza taslimu zaidi. Linafuata kanuni moja: ukizidisha kilichomo kwenye droo ya kwanza kwa kilichomo kwenye droo ya pili, jibu lisibadilike. Wenyewe wanaiandika `x * y = k`. Bei ni dola zilizomo kugawa kwa tokeni zilizomo.

Usiku wa Jumatano, kwa namba za mviringo na bila kuhesabu ada ndogo ndogo, droo za mbuzi zilikuwa na dola 30,000 na tokeni milioni 150. Gawanya: kila tokeni ni dola 0.0002. Skrini inachukua bei hiyo na kuizidisha kwa tokeni zote bilioni 1, inaandika thamani ya soko ni dola 200,000. Zangu milioni 10 zikasoma 2,000. Lakini tokeni zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa milioni 850, na kwenye simu zetu zote kwa pamoja zilisoma dola 170,000. Je, tungeamka sote tukauza? Tokeni zote bilioni 1 zingerudi kwenye droo, na kwa kanuni ile dola zingebaki 4,500. Maana yake sisi sote, kwa umoja wetu, tungetoka na 25,500. Zile nyingine 144,500 hazikuibiwa na mtu, maana hazikuwahi kuwapo mahali popote. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la mke wangu, na nilipolipata nililia kuliko alfajiri ile.

Sasa tazama kilichotokea usiku. Kikundi kimoja kiliuza milioni 150, sawasawa na zilizokuwa kwenye droo. Tokeni zikawa milioni 300, dola zikabaki 15,000. Nusu ya pesa imeondoka, lakini bei imeshuka hadi robo, 0.00005, na dola zangu 2,000 zimekuwa 500 mimi nikiwa nakoroma. Waliokuwa macho wakashtuka, wakauza milioni 150 nyingine. Droo ikabaki na dola 10,000 dhidi ya tokeni milioni 450. Bei imekuwa sehemu moja ya tisa ya ilivyokuwa, na hiyo ndiyo 222 niliyoiona. Tazama pia kwamba kikundi cha kwanza kilitoka na dola 15,000, cha pili kikatoka na 5,000 kwa idadi ileile ya tokeni. Hapo hakuna akili wala uchambuzi unaotenganisha watu, ni nani tu aliyefika dirishani kwanza.

Na wale wa kwanza walikuwa nani? Nilirudi kwenye Solscan, ambako kila muamala wa Solana unaonekana, nikafuata pochi zilizouza usiku ule moja baada ya nyingine kurudi nyuma. Zilikuwa kumi na nne. Zote zilipokea SOL kutoka pochi moja, ndani ya dakika chache kabla mbuzi hajazaliwa, na zote zilinunua sekunde zilezile alipozaliwa, kwa bei ya chini kabisa. Kila moja ilishika kama asilimia 1. Ndiyo maana orodha niliyoiangalia ilionekana safi. Nilihesabu pochi nikadhani nahesabu watu. Hata kule kuchomwa kwa ukwasi kulikonituliza kulikuwa kweli, ila kulizuia jambo moja tu, mwanzilishi asiibebe droo yenyewe. Hakukumzuia kupanga foleni dirishani kama mteja na kutoa kila kilichomo.

Kinachobaki kueleza ni kwa nini droo hujaa. Duka linajaza droo kwa kuuza sukari, shamba kwa mavuno. Mimkoini haina kingine zaidi ya mtu mpya anayeingia na dola yake, na mtu mpya haji mpaka aisikie. Kwa hiyo bei yake ni kipimo cha macho yanayoitazama kwa saa ile. Zile kazi tulizopewa za kutuma picha za mbuzi ndizo zilikuwa uzalishaji wenyewe, na sisi tulikuwa vibarua wasiolipwa. Watu wenye wafuasi wengi hupewa tokeni ili waseme neno. Roboti hununua na kuuza zenyewe kwa zenyewe ili sarafu ionekane ina pilikapilika, na nafasi kwenye orodha ya zinazovuma inaweza kulipiwa. Lakini macho ni yaleyale, na kila saa kuna mbuzi wapya maelfu wanaoyagombea. Siku macho yakihama, hakuna anayeingia, na kila anayetoka anapunguza. Hata asipokuwapo mwizi, sarafu hiyo inakwenda sifuri taratibu kwa sababu wenyewe wanachoka kusubiri.

Nilidhani haya yanawapata watu wa grupu kama letu tu. Kisha tarehe 14 Februari, Rais wa Argentina, Javier Milei, akaandika kwenye ukurasa wake wa X akiisifia sarafu iitwayo LIBRA. Thamani yake kwenye skrini ikapita dola bilioni 4. Ndani ya saa chache ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 80, waliokuwa karibu na waanzilishi wakiwa wameshatoa makumi ya mamilioni ya dola, naye rais akafuta alichoandika. Niliifuatilia nikiwa kibandani, na kila hatua niliitambua. Ilikuwa mbuzi aliyevaa suti.

Watu huniambia, mbona Dogecoin ipo? Ni kweli ipo. Ilianzishwa Desemba 2013 na Billy Markus na Jackson Palmer kama utani, na imeishi. Lakini hiyo ilichimbwa na kusambaa kwa watu wengi kwa miaka kabla haijapata jina, haikuwa kwenye pochi kumi na nne za mtu mmoja. Na hata yenyewe inaonyesha nguvu ya macho na mpaka wake. Mei 2021 ilikaribia senti 74 za dola wakati dunia ikimsubiri Elon Musk atokee kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live. Tarehe 8 akatokea, akaitaja, na bei ikaanguka wakati kipindi kinaendelea. Wote waliotakiwa kusikia walikuwa wameshasikia, hakubaki mgeni wa kuingia nyuma yao.

Kwa kaka nilikwenda mwenyewe, hadi Dodoma. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mdogo wangu, sikudai leo. Ila kila mwezi nataka nione muamala wako, hata kama ni mdogo." Tukakubaliana laki 1 na elfu 30 kwa miezi kumi, kuanzia Machi. Mke wangu zamu yake ya mchezo ilipofika aliitoa yote, laki 6, ikarudi kwenye floti, na wateja wa laki tano wakaanza kurudi. Mashine ya kudurufu sijanunua. Jioni nilikuwa nashusha mizigo ya mabasi ya usiku mpaka mgongo ukakataa mwezi wa Agosti, nikapumzika wiki mbili, nikaendelea. Shemeji yangu nilimlipa kwanza kabla ya kaka. Hakuwa amenidai, na hilo ndilo lililokuwa zito.

Muamala wa mwisho kwa kaka niliutuma Desemba, namshukuru Mungu. Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa bodaboda akaja kuweka laki tatu, ana haraka, anataka kununua USDT kabla sarafu moja haijapaa. Nikamwomba anionyeshe. Thamani ya soko: dola milioni 1 na laki 1. Nikamwambia ashuke chini mpaka pameandikwa `Liquidity`. Pakasoma 58,000.

"Kata nusu," nikamwambia, "hapo wamejumlisha droo zote mbili, na moja ina tokeni zao wenyewe. Za kweli ni 29,000. Una wenzako wangapi humo?"

Akaangalia. Walikuwa zaidi ya elfu mbili. Akakaa juu ya pikipiki akipiga hesabu kwenye simu, mimi nikamhudumia mama aliyekuja kutoa elfu kumi. Aliporudi dirishani aliweka elfu hamsini badala ya laki tatu, akawasha pikipiki, akaenda.